Jifunze kuhesabu stoku kwa chakula cha nyumbani: unga, dagaa na mawese kwa wiki moja

Kila ninapokaa na mtu anayefungua duka au genge hapa Kigoma, maswali ni yale yale. "Stoku ni nini hasa?" "Mbona nimenunua mali nyingi na bado sijui faida iko wapi?" "Nimeandika kila kitu, kwa nini daftari na rafu havifanani?" Nimeamua kuandika mwongozo huu ili wa mwanzo ajifunzie kwenye stoo ya chakula chake. Ukikosea hesabu ya unga nyumbani, hasara ni kilo moja na nusu. Ukikosea hivyo hivyo dukani kwa miezi sita, mtaji umeondoka na hujui ulipopitia.

Maelezo ya nadharia ni haya tu. Stoku ni mali uliyonayo ambayo bado haijatumika wala kuuzwa. Unga ulio kwenye ndoo ni stoku. Unga uliosongwa ugali jana siyo stoku tena, ni matumizi. Hapo ndipo wengi hujikwaa: wanadhani kununua ndiyo kutumia. Ukinunua kilo 25 za unga leo, hujatumia kilo 25. Umebadilisha pesa ikawa unga, na unga bado ni wako. Matumizi yanapatikana kwa hesabu hii moja, na ndiyo tutakayoitumia hadi mwisho:

```
Cha mwanzo + Kilichoingia - Kilichobaki = Kilichotoka
```

Vitu vya kuandaa

Tafuta daftari la mistari ambalo halitatumika kwa kazi nyingine, na kalamu iliyofungwa kwa uzi hapo hapo kwenye daftari. Kalamu ikitangatanga, hakuna atakayeandika. Tafuta mizani, ile ndogo ya jikoni au ya kuning'iniza inatosha, na kama huna, azima kwa siku mbili tu, siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Tafuta kopo moja la kupimia ambalo litabaki ndani ya ndoo ya unga, chupa tupu ya lita moja, na plasta au utepe wa kuandikia.

Muhimu kuliko vyote, pata mtu mmoja wa kushika daftari. Wanaochota wanaweza kuwa watatu, lakini anayejibu maswali ya daftari awe mmoja.

Hatua ya 1: Chagua vitu vichache

Usianze na stoo nzima. Chagua vitatu ambavyo vinatumika kila siku na vinakula pesa. Kwa nyumba nyingi za hapa vitakuwa unga wa muhogo, dagaa wakavu na mawese. Chumvi iache. Hata chumvi ikipotea vijiko viwili kila siku, muda utakaotumia kuiandika una thamani kuliko chumvi yenyewe. Dukani ni vivyo hivyo: sukari, unga na mafuta huhesabiwa kwa ukali, viberiti huhesabiwa mara moja kwa mwezi.

Hatua ya 2: Kila kitu kipewe kipimo kimoja, usibadilishe

Unga uandikwe kwa kilo. Dagaa kwa kilo. Mawese kwa lita. Sokoni utanunua kwa sado, kwa debe, kwa fungu au kwa dumu, na hakuna ubaya, ila kabla ya kuandika badilisha kwanza iwe kilo au lita.

Sado ni ujazo, siyo uzito. Sado ya maharage na sado ya dagaa ni ndoo ile ile lakini uzito hauko hata karibu. Ukiandika "sado 2" leo na "kilo 5" kesho kwenye ukurasa mmoja, huwezi tena kujumlisha. Nimeona daftari la miezi minne likitupwa kwa kosa hili peke yake.

Kosa jingine la hatua hii ni kuchanganya makopa na unga. Makopa ni stoku moja na unga wa muhogo ni stoku nyingine. Ukipeleka kilo 30 za makopa mashineni, huandiki kwamba unga umeingia kilo 30. Unapima ulichorudi nacho. Kidogo hubaki kwenye mashine, kidogo hupeperuka, na vipande vibovu ulivitoa mwenyewe kabla ya kusaga. Kwenye ukurasa wa makopa andika kilo 30 zimetoka. Kwenye ukurasa wa unga andika kile mizani ilichosema.

Kwa mawese, andaa dumu kabla halijajazwa. Mimina maji lita moja kwa ile chupa, bandika plasta kwa nje kwenye usawa wa maji, andika 1. Mimina ya pili, andika 2, endelea mpaka juu. Kisha mwaga maji na ulianike dumu mpaka likauke kabisa, maana maji yakibaki yataharibu mafuta. Madumu ya njano hupitisha mwanga, kwa hiyo ukilishika juani utaona mafuta yamefika mstari gani bila kupima upya. Asubuhi za baridi mawese huganda na kushika ubavuni, basi subiri jua lipande ndipo usome.

Hatua ya 3: Hesabu ya mwanzo

Chagua wakati ambao hakuna kinachoingia wala kutoka. Nyumbani ni usiku baada ya vyombo kuoshwa, au alfajiri kabla ya chai. Pima ulichonacho, usikadirie kwa macho. Ndoo ya unga ipime ikiwa tupu, ikiwa na unga, kisha toa. Wengi husahau kutoa uzito wa ndoo na kuanza na unga ambao haupo.

Tafuta pia sehemu zote ambako kitu hicho kinakaa. Unga uko kwenye ndoo, lakini uko pia kwenye mfuko wa juu ya kabati na kwenye bakuli lililofunikwa na sahani. Vyote ni stoku yako.

Hatua ya 4: Andika papo hapo, kinachoingia na kinachotoka

Kila kitu kipate ukurasa wake wenye safu nne: tarehe na maelezo, kilichoingia, kilichotoka, salio. Hii ndiyo kadi ya stoo inayotumika kwenye maghala makubwa. Tofauti ni karatasi tu.

Nitakupa mfano wa nyumba moja ya watu sita, Ujiji. Binti wa nyumba ndiye alishika daftari. Wao huchota makopo manne ya unga kwa siku, na kopo walilipima wakakuta lina nusu kilo, yaani kilo 2 kwa siku. Ukurasa wao wa unga ulikuwa hivi, nami nimezikusanya siku zinazofanana ili usome kwa urahisi:

| Maelezo | Kilichoingia | Kilichotoka | Salio |
|---|---|---|---|
| Jumapili alfajiri, hesabu ya mwanzo | | | 14 |
| Jumapili hadi Jumanne, makopo 12 | | 6 | 8 |
| Jumatano, kutoka mashineni | 25 | | 33 |
| Jumatano hadi Ijumaa, makopo 12 | | 6 | 27 |
| Ijumaa, wageni, makopo 2 ya ziada | | 1 | 26 |
| Jumamosi, jirani amepewa (kwa mizani) | | 2 | 24 |
| Jumamosi, makopo 4 | | 2 | 22 |

Angalia mstari wa jirani. Mama wa nyumba alisema usiuandike, ni msaada wa ujirani, siyo matumizi. Nilimwambia: mama, wema wako uko pale pale, lakini unga umetoka kwenye ndoo, na daftari linafuata ndoo. Dukani mstari huu ndio ule wa sukari iliyopelekwa nyumbani kwa mwenye duka "kwa muda". Isipoandikwa, mwisho wa mwezi muuzaji ataitwa mwizi.

Hatua ya 5: Baada ya siku saba, hesabu tena na ulinganishe

Jumapili iliyofuata, alfajiri ile ile kabla ya kuchota chochote, walipima ndoo. Daftari linasema kilo 22. Mizani ikasema kilo 20.5. Pungufu ni kilo 1.5.

Binti aliniuliza, "Shangazi, nirekebishe daftari liwe 20.5?" Swali zuri, na jibu lina sehemu mbili. Salio jipya la kuanzia ni kweli 20.5, kwa sababu ndicho kilichopo. Lakini usifute wala kubadilisha mistari ya nyuma ili hesabu ikae sawa. Andika mstari mpya: "Hesabu ya mizani, pungufu 1.5", salio 20.5. Pungufu ni habari. Ukiifuta, umejinyima jambo ambalo kazi yote ya wiki ilikuwa inalitafuta.

Hatua ya 6: Tafuta pungufu lilikotoka

Usianze na watu. Anza na kipimo.

Tulichukua kopo lao. Walipolipima mara ya kwanza, walilifuta juu kwa kisu likawa sawasawa na ukingo: gramu 500. Halafu nikamwomba binti achote kama anavyochota jioni. Akachota, na kopo likaja na kilima juu. Tukaliweka kwenye mizani: gramu 550. Tukarudia mara kadhaa, zikaja hapo hapo.

Sasa piga hesabu. Makopo ya kila siku kwa siku saba ni 28. Ya wageni ni 2. Jumla 30. Kila moja lilizidi gramu 50, na 30 mara 50 ni gramu 1,500, yaani kilo 1.5. Pungufu lote limeonekana, na hakuna aliyeiba unga. Wale mliowahi kununua au kuuza gunia la lumbesa mnajua vizuri kilima kinavyobeba mali.

Mara nyingi sababu hazitakaa kwa usawa namna hii. Utapata nusu ya pungufu kwenye kopo na nusu kwenye mtu aliyechota uji asiandike. Kwa hiyo pima hivi kwa mpangilio: kwanza kipimo, pili mistari iliyosahauliwa, tatu uharibifu (panya, wadudu, unyevu), na mwisho kabisa ndipo uulize kama kuna mtu amechukua.

Matumizi ya kweli ya wiki yanatoka kwenye ile hesabu moja niliyoitoa mwanzoni mwa mwongozo, siyo kwenye makopo: 14 + 25 − 20.5 = 18.5 zilizotoka. Ukitoa 2 za jirani, nyumba imekula 16.5. Gawa kwa 7 unapata kilo 2.4 hivi kwa siku, siyo 2 kama walivyoamini. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa inawafanya waishiwe unga siku kadhaa kabla ya kila mwisho wa mwezi na kulaumiana.

Hatua ya 7: Weka kiwango cha kununua tena

Sasa unajua kasi ya matumizi, unaweza kuamua lini ununue. Usisubiri ndoo iwe tupu. Jiulize mambo mawili: tangu niamue kununua hadi unga ufike ndani ni siku ngapi, na nikipata kikwazo niwe na siku ngapi za ziada?

Kwa nyumba yetu ya Ujiji, kupata makopa, kuyamalizia kukausha na kusaga huchukua siku 3. Umeme ukikatika mashineni, waliona siku 2 za tahadhari zinatosha. Jumla siku 5, mara kilo 2.4, ni kilo 12. Wakafunga utepe mwekundu kwenye ndoo usawa wa kilo 12. Unga ukishuka hadi kwenye utepe, makopa yanatafutwa siku hiyo hiyo.

Dagaa wana hesabu yao, na hapa ziwa linafundisha vizuri kuliko mimi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hazina nguvu mbele ya mbalamwezi. Siku za mwezi mpevu mitumbwi mingi hupumzika, dagaa huadimika kwenye mwalo wa Kibirizi na bei hupanda. Kwa hiyo kiwango cha dagaa hakitegemei umbali wa soko; hata ukikaa jirani na mwalo, hutanunua kisichovuliwa. Nyumba hii hula gramu 200 kwa siku. Wakihesabu siku 10 za ukosefu na 3 za tahadhari, ni siku 13 mara gramu 200, yaani kilo 2.6. Kiasi hicho kiwe ndani kabla mwezi haujakua. Hapa kalenda ya mwezi ni sehemu ya daftari la stoku.

Lakini akiba ina mpaka wake. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilifungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu kwa gramu 200 kwa siku ni zaidi ya kilo 18 za dagaa. Baadhi walijaribu kuweka. Dagaa wakikaa sana mafuta yao huharibika, hugeuka rangi ya manjano na kuwa wachungu, na pesa yote imelala kwenye gunia. Kwa ukosefu mrefu wa namna hiyo, badilisha mboga. Weka maharage, na dagaa wabaki wa wiki mbili tatu. Mwenye duka naye ajiulize hivyo kabla ya kujaza stoo kwa kuogopa kuishiwa.

Hatua ya 8: Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka

Unga mpya ukifika, usiumwage juu ya wa zamani. Toa wa zamani, weka mpya chini, rudisha wa zamani juu. Au tumia ndoo mbili zenye tarehe kwenye plasta. Makopa ndiyo yanayohitaji nidhamu hii zaidi, kwa sababu ya dumuzi. Mdudu huyu aliingia nchini kwetu na kujulikana kwanza kwa jirani zetu wa Tabora miaka ya mwanzo ya 1980, wakulima wakampa jina la Skania kwa kasi yake ya kusomba. Watu humjua kwa mahindi, lakini makopa pia huyatoboa yakawa vumbi. Dalili yake ni unga mwembamba chini ya gunia ambalo hujalisaga, na vitundu vya duara kwenye vipande. Ukiona hivyo, pima gunia tena usiku huo huo. Gunia linaonekana limejaa kama zamani, lakini uzito umeshapungua, na ndiyo maana makopa hatuyahesabu kwa gunia.

Ukikwama

*Mizani inaonyesha nyingi kuliko daftari.* Usifurahie. Ama umesahau kuandika kilichoingia, ama umeandika kutoka mara mbili, ama umepima na ndoo. Unga hauongezeki wenyewe. Ukipata unyevu huongezeka uzito kidogo, na hapo una tatizo la ukungu linalokuja.

*Dagaa wanapungua uzito ingawa hakuna aliyechota.* Ulinunua wakiwa hawajakauka vizuri. Wanaendelea kukauka ndani ya mfuko. Waanike siku moja, wapime tena, andika pungufu kwa jina lake: "kukauka". Safari ijayo linganisha na uzito huo, kisha uamue kama bei ya yule muuzaji ilikuwa rahisi kweli.

*Mawese hayalingani kila wiki kwa kiasi kidogo kile kile.* Angalia chupa ya kumiminia. Kile kinachobaki ubavuni na kwenye mfuniko ni kile kile kila mara. Kikiwa kidogo na hakibadiliki, kiandike kama upotevu wa kawaida na usikitafute tena.

*Watu hawaandiki.* Daftari liko mbali na ndoo. Litundike msumarini juu ya ndoo. Wakishindwa hata hapo, acha kuandika kinachotoka: andika kinachoingia tu na upime kila Jumapili. Ile hesabu itakupa matumizi. Hutajua nani alichota lini, lakini kiasi utakijua.

*Nimeruka siku tatu bila kuandika.* Usikae kubuni mistari. Pima leo, piga mstari mnene chini ya ukurasa, andika "hesabu mpya ya mwanzo" na tarehe, uendelee kutoka hapo.